Maneno ya kuandika ndani ya kitabu cha zawadi kwa rafiki aliyehitimu: mwongozo kamili

Kitabu umeshanunua. Mahafali ni Jumamosi, na wewe umekaa na kalamu mkononi mbele ya ukurasa mweupe. Ukiandika "Hongera sana, Mungu akutangulie" umemaliza kwa sekunde tano, na baada ya wiki mbili yeye mwenyewe hatakumbuka ni nani aliyemwandikia hayo, maana kadi zote kumi na moja alizopewa zinasema hivyo hivyo.

Nianze kwa kutenganisha mambo mawili. Tabaruku ni maneno ya mwandishi wa kitabu, yamechapwa pamoja na kitabu, na kila aliyenunua nakala anayo. Tunayozungumzia hapa ni maneno yako wewe mtoaji, kwa mkono wako, katika nakala moja tu duniani. Kwa sababu hiyo yanaweza kubeba kitu ambacho mwandishi hakukijua: jambo moja mlilolishuhudia ninyi wawili. Hilo ndilo nitakalolikazania. Lakini kabla ya maneno kuna karatasi na wino, na hapo ndipo wengi huharibu zawadi nzuri, mimi nikiwemo.

Tafuta ukurasa kwanza

Fungua jalada taratibu. Kitabu chenye jalada gumu huwa na karatasi tupu mwanzoni, ile ambayo nusu yake imegundishwa kwenye jalada. Upande wake wa kulia, ulio huru, ndio mahali pazuri kuliko pote. Vitabu vyetu vingi vya jalada laini havina karatasi hiyo. Ukifunua jalada unakutana moja kwa moja na ukurasa wenye jina la kitabu peke yake, juu au katikati, bila jina la mchapishaji. Andika hapo, chini ya jina. Ukurasa unaofuata, wenye jina la kitabu, la mwandishi na la mchapishaji, uache. Huo ni wa mwandishi mwenyewe siku rafiki yako atakapokutana naye akaomba saini.

Kama hata ukurasa huo haupo, tumia upande wa ndani wa jalada la mbele. Upitishe kidole kwanza. Ukikwaruza kidogo kama karatasi ya daftari, utapokea wino. Ukiteleza kama jalada la nje, wino utakaa juu juu na kufutika.

Kitabu cha dini kina adabu zake. Biblia nyingi za zawadi zina ukurasa uliochapwa kwa kazi hiyo, wenye nafasi ya jina na tarehe, na hutakiwi kuutafuta kwingine. Msahafu ni tofauti. Watu wengi hawapendi kuona maneno ya binadamu ndani yake, basi andika kwenye kadi na uitie kwenye bahasha yake pembeni.

Kalamu

Kalamu ya kawaida ya kubofya au ya kifuniko, yenye wino mzito wa mafuta, ndiyo salama kuliko zote. Haina mbwembwe, haivuji upande wa pili, na inakauka upesi. Nyeusi au bluu ya kuiva. Maka peni iache kabisa. Wino wake hupenya karatasi na kutokeza ukurasa wa tatu.

Kalamu ya jeli inapendeza macho, ila wino wake una maji na unachelewa kukauka, hasa kwenye karatasi inayong'aa. Mwaka mmoja nilimwandikia binamu yangu kwa jeli nyeusi ndani ya kitabu cha picha, nikaridhika na mwandiko wangu, nikafunga kitabu nikakifunga na karatasi ya zawadi papo hapo. Alipokifungua, maneno yangu yalikuwa yamejichapa upya kwenye ukurasa wa kushoto, kinyumenyume kama kwenye kioo, na upande wa kulia yamebaki michirizi. Ilikuwa Tanga, Machi, hewa imejaa unyevu. Kwenye joto kavu la Dodoma huenda ningesalimika.

Jihadhari zaidi na zile kalamu zinazofutika, ambazo wanafunzi wanazipenda kwa kuwa zina kifutio cha mpira kwenye kitako. Hazifuti kwa kukwangua. Wino wake hupotea ukipata joto, na joto la kama nyuzi 60 linatosha. Kitabu kikiachwa kwenye dashibodi ya gari mchana wa jua, maneno yako yanaweza kuondoka yote, na rafiki yako akabaki na ukurasa mtupu asijue uliwahi kuandika.

Kalamu yoyote uliyochagua, ijaribu kwenye ukurasa wa mwisho kabisa wa kitabu hicho hicho, kwenye kona karibu na mshono. Chora nukta moja na mstari wa nusu sentimita. Hesabu hadi thelathini, kisha gusa kwa kidole. Ukichafuka, badilisha kalamu. Funua uone upande wa pili. Ukiona kivuli cha wino, badilisha kalamu.

Jambo moja, nalo liwe na kitu cha kushikika

Sasa maneno. Kaa na karatasi ya kawaida na ujiulize si "rafiki yangu ni mtu wa namna gani" bali "nilimwona akifanya nini". Swali la kwanza litakupa sifa: mvumilivu, mchapakazi, mwenye upendo. Sifa hizo unaweza kumpa hata mwenyekiti wa mtaa. Swali la pili litakupa picha, na picha ndiyo inayokaa.

Nitakuonyesha nilivyofanya mimi kwa rafiki yangu aliyehitimu uhandisi ujenzi Mbeya. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na mambo sita. Alikuwa akiuza karanga za kukaanga hosteli bumu linapochelewa. Alipata sapu ya hesabu mwaka wa pili akalia usiku kucha. Alinipa koti lake Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imenishika. Tuliwahi kupanda gari la mizigo hadi Tukuyu. Alikuwa na mchumba aliyemwacha kabla ya mitihani. Na lile la meza, nitalieleza.

Halafu nikachuja. Kipimo changu ni kimoja: je, ukurasa huu akiusoma mama yake, au mwanawe baada ya miaka kumi na tano, atapata aibu? Kitabu kikishaingia nyumbani si chake peke yake. Kinakaa kwenye kabati la sebuleni, mgeni anakifunua akisubiri chai. Kwa kipimo hicho sapu ikaondoka, na mchumba akaondoka mbio. Hata kama kwetu sisi wawili sapu ile ni hadithi ya ushindi, mbele ya mgeni ni habari ya kufeli iliyoandikwa kwa wino. Gari la mizigo likaondoka kwa sababu nyingine: ni tukio la kuchekesha, ila halimhusu yeye zaidi ya linavyonihusu mimi. Karanga na koti ni vizuri vyote viwili, lakini vinaweza kuandikwa kwa mhitimu wa fani yoyote.

Ikabaki meza. Siku ya kwanza tulipopanga geto, meza ya kusomea ilikuwa inayumba, mguu mmoja mfupi. Mimi nilikwenda kumwita mwenye nyumba. Niliporudi nikamkuta amelaza chupa ya maji juu ya meza, ikiwa na nafasi kidogo ya hewa ndani, anachungulia ile hewa imekimbilia upande gani. Alikuwa amegeuza chupa kuwa pima maji. Kisha akakunja kipande cha boksi la soda mara tatu, akakisukumia chini ya mguu, hewa ikarudi katikati. Akasema, "Sasa imekaa." Hatujaanza hata kipindi kimoja.

Hapo nikajua nimepata. Ina vitu vya kushikika: chupa, boksi, mguu wa meza. Ina neno lake mwenyewe. Inaelezea alichokuja kusomea bila kutaja cheti, na ni sisi wawili tu tuliokuwepo.

Kama rafiki yako si mhandisi, bado kanuni ni ile ile. Mhitimu wa ualimu aliyekuwa akimfundisha mtoto wa mama ntilie kusoma kwa kutumia ubao wa bei za vyakula. Mhitimu wa uuguzi aliyekufunga kidole kwa kitambaa cha leso kabla hajaingia wodini hata siku moja. Tafuta siku ambayo kazi yake ilijitokeza kabla ya shahada.

Umwite nani

Ndani ya simu humwiti kwa jina, unamwita mwanangu, shosti, kichwa, mzee wa pointi. Kwenye kitabu fikiria mara mbili. Jina la utani linalofahamika na nyumba nzima halina tabu. Lililozaliwa kwenye utani wa hosteli halisomeki vizuri mbele ya wakwe. "Shoga yangu" ni neno la heshima na mapenzi kati ya wanawake wa pwani, lakini bara na Kenya wengi hulisikia vingine kabisa, na kitabu kinasafiri. Mimi niliandika "Rafiki yangu," basi.

Vyeo navyo. Utani wa kumwita "Injinia" ni mtamu siku ya mahafali, ila kwetu Tanzania mtu hujiita mhandisi baada ya kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mhitimu bado ana safari hapo. Vivyo hivyo "Daktari" na "Wakili". Kama unataka cheo kiwemo, kiweke ndani ya sentensi yenye utani unaoonekana wazi, kisikae juu peke yake kama anwani ya barua.

Rasimu

Rasimu yangu ya kwanza, nakiri, ilikuwa hii: "Hongera sana rafiki yangu kwa kuhitimu. Elimu ni ufunguo wa maisha. Nakutakia kila la heri katika safari yako mpya." Ifanyie jaribio: funika jina, mpe mtu mwingine. Inamfaa yeyote. Methali hazina kosa, lakini methali inayozungumzia elimu kwenye zawadi ya mahafali ni kama chumvi iliyomwagwa mara ya pili. Wengine wote wameshaitia.

Rasimu ya pili ilikuwa na maneno kama mia mbili, ikaeleza meza, mwenye nyumba, bei ya kodi, na jinsi nilivyojisikia. Hiyo ni barua. Barua iandike, uitie ndani ya kitabu, ila ukurasa wa kitabu cha kawaida, wenye upana wa kama sentimita 13, unabeba maneno 60 hadi 80 kwa mwandiko wa kusomeka. Ukizidi hapo utaanza kubana herufi chini na kupanda pembeni kama mtu anayejaza fomu.

Ya tatu ndiyo iliyoingia:

> Mbeya, 5 Desemba 2025
>
> Rafiki yangu,
>
> Siku ya kwanza meza yetu ilikuwa inayumba. Ulilaza chupa ya maji juu yake, ukatazama hewa imekimbilia upande gani, ukakunja boksi la soda ukalitia chini ya mguu. Ukasema, "Sasa imekaa."
>
> Meza ile tuliisomea miaka minne. Leo wamekuvalisha joho, nami sikushangaa.

Chini yake jina langu. Tazama nilichokiacha. Sikusema yeye ni mbunifu, chupa imeshasema. Sikumwombea mafanikio, hilo nilimwambia kwa mdomo. Na "hongera" haimo kabisa. Ukitaka kuitia, itie mwishoni kwa neno moja, usianze nayo.

Mahali na tarehe viandike juu, na mwezi uuandike kwa neno. "5/12/2025" mtu aliyezoea mtindo wa Marekani ataisoma kuwa tarehe 12 Mei. Jina lako liandike la kutosha kutambulika. "Wako yule yule" inachekesha leo, ila baada ya miaka ishirini inakuwa kitendawili.

Ukitaka ubeti

Kwetu Waswahili ipo njia nyingine, na kama rafiki yako anapenda mashairi, haina mpinzani: ubeti mmoja wa tarbia. Mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, nane kabla ya koma na nane baada yake. Kina cha kati kimoja, kina cha mwisho kimoja. Ubeti mmoja unachukua nafasi ndogo kuliko maelezo, na mtu huweza kuukariri.

Kisa kile kile cha meza kilitoka hivi:

> Meza ilipoyumbika, chupa ukailazia,
> Karatasi ukashika, mguuni kutilia,
> Kuyumba kukakatika, miaka ikatimia,
> Joho leo limefika, sahibu nafurahia.

Hesabu kwa vidole, usitegemee sikio peke yake. Me-za-i-li-po-yu-mbi-ka, nane. Chu-pa-u-ka-i-la-zi-a, nane. Kwenye mstari wa pili, "mguuni" ina mizani nne, kwa kuwa ile m ya mwanzo inasimama peke yake: m-gu-u-ni. Hapo ndipo wanaoanza hupungukiwa. Boksi la soda lilinisumbua kuhesabu, nikaligeuza karatasi. Ukweli umepungua kidogo, mizani imekaa. Na angalia vina vya mwisho: vyote ni "-ia". Nilikuwa na "meza tukaisomea" mstari wa tatu, ina mizani zinazotosha na maana nzuri zaidi, lakini "-ea" katikati ya "-ia" inakwaruza sikio la anayejua, nikaitoa kwa uchungu.

Chagua kimoja, maelezo au ubeti. Nilipoviweka vyote viwili kwenye ukurasa, kila kimoja kilimpunguzia mwenzake nguvu. Nikabaki na maelezo, ubeti nikamtumia kwa simu usiku ule.

Kuandika chenyewe

Kata karatasi ya kawaida iwe sawasawa na ukurasa wa kitabu. Andika maneno yote humo kwa kalamu ile ile na ukubwa ule ule wa mwandiko utakaoutumia. Utaona mistari inaishia wapi na kama jina lako linapata nafasi chini. Mimi nilihitaji kuandika mara mbili, mara ya kwanza neno "sikushangaa" lilikosa nafasi likakatika.

Kisha kitengeneze kitabu kikae sawa. Kikifunguliwa mwanzoni, upande wa kushoto ni jalada tu na wa kulia ni unene wote wa kitabu, kwa hiyo mkono unaning'inia. Weka kitabu kingine chini ya jalada la kushoto hadi pande zote zilingane. Usikikandamize kwenye mshono, gundi ya majalada laini hupasuka na kurasa huanza kuchomoka.

Tia kadi ngumu chini ya ukurasa unaouandikia, ili alama za kalamu zisichimbe kurasa zinazofuata. Kama karatasi ni nyepesi, badala ya kadi tupu tia karatasi uliyoichora mistari mieusi, itaonekana kwa chini na mwandiko wako utanyooka. Kama haionekani, chora mistari ya penseli kwa mkono mwepesi sana, na usiifute hadi kesho yake. Acha sentimita mbili na nusu kutoka kwenye mshono, la sivyo mwanzo wa kila mstari utamezwa na mkunjo.

Osha mikono uikaushe. Andika polepole kuliko kawaida, na tazama rasimu kila baada ya maneno matatu. Makosa mengi hutokea pale mtu anapodhani ameshakariri. Jina la rafiki, kama utaliandika kamili, linakili kutoka kwenye kadi ya mwaliko. Nimeona "Rehema" ikiandikwa "Rehma" na mtu aliyesoma na mwenye jina miaka sita.

Ukikosea

Herufi moja ikiharibika, kata neno kwa mstari mmoja mwembamba uendelee. Kwa mkono wa rafiki, hilo halina ubaya. Korekta usiguse. Inakuwa gamba jeupe, hupasuka kitabu kikifunguliwa, na jicho la msomaji huenda hapo hapo kutafuta kilichofichwa. Kuchana ukurasa ni kubaya zaidi, maana karatasi ya upande wa pili wa mshono nayo hulegea.

Ukurasa ukiharibika kabisa, kata kipande cha karatasi nzuri nene, kama sentimita 9 kwa 12, andika upya humo, kiache kikauke, halafu kibandike juu ya makosa kwa gundi ya kijiti. Gundi ya maji hukunja karatasi ikawa kama mawimbi. Paka kingo zote, bandika kuanzia katikati kwenda nje, weka vitabu vizito juu yake usiku mzima. Watu watadhani ulikusudia.

Kabla ya kukifunga

Kiache wazi. Wino wa mafuta upe nusu saa, wa jeli upe usiku mzima, na pwani usiharakishe. Ukilazimika kufunga mapema, weka tishu safi nyeupe juu ya maandishi, ibonyeze bila kuisugua, kisha uiache humo ndani. Karatasi ya zawadi igundishwe yenyewe kwa yenyewe, gundi ya utepe isiguse jalada.

Siku ya mahafali mhitimu ana mikono miwili, mashada saba, simu tatu za kupigia picha na shangazi anayemvuta huku. Usimpe kitabu uwanjani. Mpe nyumbani jioni, pilau limeshaliwa. Wangu alikifungua papo hapo mbele ya watu wote na kusoma kwa sauti. Mama yake akasikiliza hadi mwisho, akauliza meza yenyewe iko wapi sasa.

Tulimwachia mwenye nyumba, na boksi lake chini ya mguu.